Herufi Zenye Meno ya Msumeno

Kadi ya mwaliko wa harusi yenye upana wa pikseli 3000 ikipunguzwa hadi 1000 ili itumwe kwa simu, sura za maharusi kwa kawaida hubaki vilevile. Maandishi ndiyo yanayoumbuka. Mgongo wa S unaota vidato, miguu ya A inakatikakatika, na jina la bibi harusi lililoandikwa kwa mwandiko wa madaha linaonekana kama limechongwa kwa msumeno butu. Uso wa mtu una rangi zinazobadilika polepole, kwa hiyo kosa la pikseli moja humezwa na majirani zake. Herufi ni rangi mbili zinazokutana ghafla, na kosa lililo kwenye mpaka huo halina pa kujificha.

Pikseli ni kijimraba chenye rangi moja tu. Mstari wa wima au wa mlalo hukaa vizuri ndani ya safu za vijimraba, lakini mstari wa mshazari au uliopinda hukata katikati yake. Programu ikilazimika kuamua kwamba kila kijimraba ni cheusi kabisa au cheupe kabisa, ngazi hazikwepeki. Kulainisha kingo ni kukataa uamuzi huo wa ama hiki ama kile: kijimraba kilichofunikwa na herufi kwa theluthi moja hupewa weusi wa theluthi moja. Mstari haujanyooshwa hata kidogo. Ni jicho tu linalozisoma zile rangi za kati kama ukingo laini. Mwaka 1977 Franklin Crow, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, alichapisha makala iliyoonyesha chanzo cha ngazi hizi: kompyuta inachungulia nukta moja ndani ya kila pikseli na kuchukua rangi yake, badala ya kupima eneo zima la pikseli hiyo.

Kosa hilohilo hurudi picha inapobadilishwa ukubwa. Kutoka 3000 hadi 1000, kila pikseli mpya inasimama mahali pa pikseli tisa za zamani, tatu kwa tatu. Tuseme ukingo wa herufi nyeusi unapita hapo, na kati ya zile tisa, nne ni nyeusi na tano ni nyeupe. Njia ya haraka huchukua ile ya katikati na kuzitupa nane zilizobaki, kwa hiyo jibu lake ni 0 au 255, yaani nyeusi tii au nyeupe pe. Njia ya wastani huzihesabu zote: tano mara 255, gawanya kwa tisa, unapata takriban 142, kijivu kinachosema ukweli juu ya kilichokuwapo. Njia ya kutupa ina hatari nyingine iliyo mbaya kuliko ngazi. Mguu wa herufi wenye unene wa pikseli mbili unaweza kuangukia kati ya nukta mbili zinazochunguliwa, na hapo unatoweka wote. Ndiyo maana katika kadi iliyoharibika herufi i moja huonekana na ya pili, yenye unene uleule, haipo.

Katika GIMP, programu ya bure inayotumiwa na wengi, uchaguzi wa njia uko kwenye Image > Scale Image, mstari wa Interpolation. None ndiyo njia ya kutupa. Inafaa kwa michoro ya michezo ya zamani ya video ambayo vijimraba vyake vinatakiwa vionekane, na kwa picha za skrini zinazokuzwa mara mbili au tatu kamili, wala si kwa kadi ya harusi. Linear hukadiria rangi mpya kutokana na pikseli nne za jirani, Cubic kutokana na kumi na sita. Tangu toleo la 2.10 kuna pia NoHalo na LoHalo, na mwongozo wa programu unapendekeza NoHalo pale picha inapopunguzwa chini ya nusu ya ukubwa wake, kama ilivyo kwa kadi hii. Photoshop nayo ina orodha ya Resample ndani ya Image Size: Nearest Neighbor ndiyo ile ya kutupa, na Bicubic Sharper imekusudiwa kupunguza.

Halo inayokataliwa katika majina hayo ni mwanga mwembamba unaozunguka herufi. Cubic na njia za jamii yake hutilia mkazo tofauti ya rangi ili picha isionekane imefifia, na wakati mwingine hupitiliza: kando ya wino mweusi, mandhari hung'aa kuliko yalivyokuwa. Kwenye kadi nyeupe kabisa mwanga huo hauonekani, kwa sababu hakuna weupe unaopita 255. Kwenye kadi ya rangi ya krimu, ambayo ndiyo wachoraji wengi wa kadi wanaipenda, unaonekana waziwazi. Hapo Linear, pamoja na ulaini wake unaodharauliwa, mara nyingi hutoa maandishi safi zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kuhakikisha kwamba tatizo liko ndani ya faili. Programu nyingi za kuhariri, zinapoonyesha picha kwa asilimia 33 au 67, huipunguza kwa haraka ili skrini isichelewe, na ngazi zinazoonekana hapo ni za skrini tu. Katika GIMP kubonyeza 1 hurudisha picha kwenye asilimia 100. Ngazi zikibaki, picha inakuzwa hadi asilimia 800 na mpaka wa herufi unakaguliwa. Kama kuna nyeusi na nyeupe peke yake, bila kijivu chochote katikati, kingo hazikulainishwa au zililainishwa kisha zikaharibiwa. Hatua ya pili ni kufungua faili la awali na kuangalia herufi ileile. Ikiwa pale ina kijivu chake, mkosaji ni upunguzaji. Ikiwa nayo haina, mkosaji ni uandishi au uhariri, na kubadilisha njia ya kupunguza pekee hakutoshi.

Kosa la uandishi ndilo jepesi: kisanduku cha Antialiasing katika mipangilio ya zana ya maandishi kilizimwa. Kosa la uhariri ni la kijanja zaidi. Mtu anataka kugeuza jina jeusi liwe la dhahabu, anachagua weusi wote kwa zana ya kuchagua kwa rangi, kisha anamwaga dhahabu. Uchaguzi huo unanasa nyeusi kamili na kuacha rangi za kati, kwa hiyo dhahabu inabaki imezungukwa na chembechembe za kijivu. Naye akizifuta, amefuta ulaini wenyewe. Njia iliyo salama, ikiwa maandishi yako kwenye tabaka lake lenye mandhari angavu, ni kufunga uwazi wa tabaka kwa alama ya Lock alpha channel, kisha kumwaga rangi juu ya tabaka lote. Ulaini wa kingo umehifadhiwa katika kiwango cha uwazi cha kila pikseli, na rangi mpya hufuata kiwango hicho bila kukibadilisha.

Upo mtego mmoja unaowapata hata wazoefu. Njia imechaguliwa vizuri, Cubic ipo pale kwenye dirisha, na bado herufi zinatoka na meno. Jibu liko kwenye Image > Mode. Ikiwa alama iko kwenye Indexed, picha inatumia orodha fupi ya rangi zisizozidi 256, kama zinavyofanya faili za GIF na baadhi ya PNG. Rangi ya kati inayokokotolewa huenda haimo kwenye orodha, hivyo GIMP haikokotoi kabisa: hupunguza kwa kutupa, hata kama umechagua njia nyingine. Dirisha la Scale Image lenyewe hutoa onyo juu ya hilo, kwa maandishi madogo ambayo ni nadra kusomwa. Dawa ni kubadilisha hali kuwa RGB, kupunguza ukubwa, na kurudi Indexed mwishoni iwapo faili la GIF linahitajika kweli. Hata hivyo GIF ina upungufu mwingine: pikseli yake ama ni angavu kabisa ama haina uwazi wowote. Maandishi yasiyo na mandhari yakihifadhiwa humo hupoteza ulaini wa kingo palepale, ilhali PNG ya kawaida ina viwango 256 vya uwazi.

Kwa kadi yenye faili la awali, basi, kazi yote ni fupi. Hali inahakikiwa kuwa RGB, faili linahifadhiwa kwa jina jipya ili matabaka ya awali yasipotee, upana unawekwa 1000 kwa NoHalo, kisha herufi zinakaguliwa kwa asilimia 100. Maandishi madogo sana, kama namba za simu za wanakamati zilizo chini ya kadi, ni afadhali yafutwe na kuandikwa upya kwenye picha iliyokwisha kupunguzwa, maana fonti hujichora yenyewe kwa ukubwa huo badala ya kukadiriwa kutoka kwenye pikseli za zamani. Faili la mwisho liwe PNG. JPEG huchafua mandhari kando ya herufi kwa vumbi la rangi. WhatsApp nayo hubana picha inayotumwa kama picha, lakini ikitumwa kama hati hufika ilivyo.

Shida ni pale ambapo faili la awali limepotea na kilichobaki ni picha ndogo yenye meno. Ikiwa maandishi ni ya rangi moja juu ya mandhari ya rangi moja, bado kuna la kufanya. Picha inakuzwa mara nne kwa Cubic, kutoka 1000 hadi 4000. Kisha inatiwa ukungu kwa Gaussian Blur ya ukubwa wa 4, sawa na pikseli moja ya zamani, na ngazi zinayeyuka kuwa mteremko wa kijivu. Katika Colors > Levels, kizibo cheusi kinasogezwa hadi 100 na cheupe hadi 155: mteremko unabanwa, na ukingo unarudi ukiwa mkali lakini umenyooka. Mwishowe picha inarudishwa hadi 1000 kwa njia ya kukokotoa, na rangi za kati zinazaliwa upya.

Njia hii ina gharama zake. Pembe kali za herufi, kama ncha za K na M, huviringika. Mistari inayokaribia kulala, ambayo kidato kimoja kina urefu wa pikseli kumi au zaidi, hubaki na mawimbi kwa sababu ukungu wa pikseli moja haufiki kutoka kidato hadi kidato. Na mguu wa herufi wenye unene wa pikseli moja hauponi: ukungu unauchanganya na mandhari kiasi kwamba weusi wake haushuki tena chini ya 155, na Levels inaufuta wote.