Kwa Nini Turku Hugeuka Turussa

Mwanafunzi wa Kifini yuko likizoni Turku, mji wa bandari ulioko kusini-magharibi mwa Ufini. Anamwandikia rafiki yake Liisa ujumbe mfupi:

"Hei Liisa! Olen lomalla Turkussa. Tulin Helsinkistä junalla. Asun pieni mökkissä rantalla. Joka aamu menen kaupaan. Huomenna lähten Tamperessa."

Anataka kusema hivi: Habari Liisa! Niko likizoni Turku. Nimekuja kwa treni kutoka Helsinki. Nakaa katika nyumba ndogo ya mapumziko ufukweni. Kila asubuhi naenda dukani. Kesho naondoka kwenda Tampere.

Liisa ataelewa, ila kila sentensi baada ya salamu ina kosa. Sahihi ni hivi:

"Hei Liisa! Olen lomalla Turussa. Tulin Helsingistä junalla. Asun pienessä mökissä rannalla. Joka aamu menen kauppaan. Huomenna lähden Tampereelle."

Tuanze na miisho. Kwa Kiswahili tunasema niko sokoni, natoka sokoni, naenda sokoni. Kiambishi -ni hakibadiliki, na kitenzi ndicho kinachotuambia mtu yupo, anatoka au anakwenda. Kifini hakiridhiki na hilo, bali huuweka mwelekeo kwenye jina lenyewe. Aliyemo Turku yuko Turussa, anayetoka huko anatoka Turusta, na anayekwenda huko anakwenda Turkuun.

Kuna seti mbili za miisho hiyo. Seti ya kwanza ni ya mahali pa kuingia ndani: -ssa kwa kuwamo, -sta kwa kutoka, na irabu iliyorefushwa pamoja na n kwa kuingia. Seti ya pili ni ya mahali pa juu, kando au pa wazi: -lla, -lta na -lle. Nyumba ya mapumziko huingiwa, kwa hiyo ni mökissä. Ufukwe hauingiwi, kwa hiyo ni rannalla. Majina ya miji hufuata mazoea: Turku na Helsinki huchukua seti ya kwanza, lakini Tampere na Rovaniemi huchukua ya pili. Ndiyo maana anayekwenda Tampere huandika Tampereelle. Kwa kuandika Tamperessa, mwanafunzi wetu alikosea seti, akakosea na mwelekeo. Zaidi ya hayo, jina hilo hurefusha e yake ya mwisho kabla ya kupokea kiambishi.

Nukta mbili juu ya a nazo zina sababu. Neno lenye a, o au u huchukua -ssa, na lisilo na hata moja kati ya hizo huchukua -ssä. Helsinki ina e na i tu, ndiyo maana tunaandika Helsingissä.

Katika "pieni mökkissä", mzungumzaji wa Kiswahili ana faida. Tumezoea kivumishi kifuate jina: nyumba nzuri, mji mzuri, kitu kizuri. Kifini pia hudai upatanisho, isipokuwa chenyewe huuweka mwishoni mwa neno. Jina likichukua -ssä, kivumishi nacho hukichukua: pienessä mökissä.

Sasa tuje kwenye konsonanti. Kwa nini k ya Turku imetoweka katika Turussa? Kwa nini mökki imebaki na k moja, na ranta imekuwa rannalla? Wafini huliita jambo hili astevaihtelu, yaani kupishana kwa daraja. Sauti k, p na t zina daraja la nguvu na daraja dhaifu, na umbo la silabi ndilo huamua ni daraja lipi litumike.

Gawanya neno katika silabi: Tur-ku. Silabi ya pili inaishia kwa irabu, iko wazi, na k imetulia. Ongeza -ssa, upate Tur-kus-sa. Silabi iliyoanza kwa k sasa imefungwa na s, na hapo k hudhoofika. Katika neno hili kudhoofika ni kutoweka kabisa, tukabaki na Turussa. Katika Helsinki, nk huwa ng: Helsingistä. Nt huwa nn, kama ranta na rannalla. Kk, pp na tt hupungua zikabaki moja moja, kama mökki na mökissä. Vitenzi navyo hutii. Kuondoka ni lähteä, lakini "naondoka" si lähten bali lähden, kwa kuwa n ya mwisho imeifunga silabi na t ikawa d. Liisa akiondoka, tunasema Liisa lähtee: silabi iko wazi, t imerudi.

Kosa la "kaupaan" linafundisha zaidi kuliko mengine, kwa sababu mwanafunzi alilifanya kwa kufuata kanuni. Duka ni kauppa, na aliye dukani yuko kaupassa, kwa p moja. Katika kaup-paan silabi ya mwisho imefungwa na n, kwa hiyo aliondoa p moja. Hata hivyo sahihi ni kauppaan, na sababu yake iko katika historia. Zamani mwisho huu wa kuingia ulikuwa na h: kauppahan. Ukigawanya kaup-pa-han, silabi inayoanza kwa p iko wazi, basi p haikuwa na sababu ya kudhoofika. Baadaye h ilidondoka, irabu mbili zikaungana, lakini konsonanti ikabaki na nguvu yake ya zamani. H hiyo bado husikika katika maneno ya silabi moja: nchi ni maa, na anayeingia nchini anaingia maahan. Imo pia katika tenzi za Kalevala, ambazo Elias Lönnrot alizichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1835. Kwa hiyo, unapokwenda mahali kwa kiambishi hiki, acha daraja la nguvu: Turkuun, Helsinkiin, kauppaan.

Kanuni ina mipaka mingine. Auto, yaani gari, ni neno la kigeni, na Wafini husema autolla, si "audolla". Maneno mengine huenda kinyume: vazi ni vaate, lakini mavazi ni vaatteet. Neno hilo zamani liliishia kwa konsonanti, hivyo silabi yake ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, ikafunguka ilipoongezwa kiambishi.

Mtihani mgumu zaidi huja Liisa anapojibu: "Odotan sinua sillalla." Nakusubiri darajani. Mwanafunzi akitafuta "silla" katika kamusi, halioni. Inambidi arudi nyuma: ll inaweza kuwa imetokana na lt, na kweli daraja ni silta. Lakini hallissa inatokana na halli, yaani ukumbi, ambamo ll ni ya asili. Vivyo hivyo odotan inatokana na odottaa, yenye t mbili. Kwa hiyo anayejifunza Kifini afanye kama kamusi nzuri zinavyofanya: asiliandike jina peke yake, bali aliandike pamoja na umbo lake la umilikaji, lenye -n mwishoni. Silta, sillan. Kauppa, kaupan. Ranta, rannan. Katika majina kama haya, jozi moja humwonyesha madaraja yote mawili, awe anaandika au anasoma.