Shilingi 540,000 Zilizokosa Mwenyewe

Tuchukue duka moja la vifaa vya ujenzi, jioni ya kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu amejumlisha salio la kila akaunti ya leja, na urari umekataa: debiti ni shilingi 48,620,000, krediti ni 48,080,000. Pande hizo hupaswa kulingana. Zimepishana kwa 540,000, na mwenye duka anataka hesabu asubuhi.

Kuna mahali pa kuiweka tofauti hiyo kwa muda: akaunti ya muda, ambayo wahasibu wengi huiita saspensi. Lakini haikimbiliwi.

Kwanza mhasibu hujumlisha upya. Halafu hutafuta muamala wa 540,000 ulioandikwa upande mmoja tu. Asipouona, hugawa kwa mbili na kuisaka 270,000, kwa kuwa kiasi kilichoingizwa upande usio wake huzaa tofauti maradufu. Mwisho hugawa kwa 9. Tofauti ikigawanyika bila baki, kama hii, huenda kuna tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Amefanya yote hayo na usiku umeingia. Sasa ana haki ya kuandika 540,000 upande wa krediti wa saspensi. Urari unalingana, kazi inaendelea, na kosa linabaki limesimama peke yake mahali ambapo kila mtu analiona. Pembeni anaandika tarehe, hatua alizokwisha kupitia na jina la anayefuatilia. Bila maelezo hayo, mwezi ujao hakuna atakayekumbuka fedha hiyo ilitoka wapi.

Siku mbili baadaye, akipitia ankara moja moja, analipata. Mabati yaliuzwa kwa mkopo kwa 820,000. Akaunti ya mteja iliandikwa sawasawa, ila kwenye mauzo iliingia 280,000. Anadebiti saspensi 540,000 na kukrediti mauzo kiasi hichohicho. Saspensi inabaki sifuri, na faida aliyoonyeshwa mwenye duka inapanda kwa 540,000.

Kinachotisha zaidi ni tofauti ndogo. Salio la 40,000 linaweza kuwa makosa mawili, moja la 5,000,000 upande huu na jingine la 4,960,000 upande wa pili, yaliyofunikana. Anayelipuuza kwa udogo wake huenda amepuuza karibu milioni kumi za makosa. Tena, urari ukilingana si ushahidi kwamba hesabu ni safi: ankara iliyosahaulika kabisa haiachi tofauti yoyote.

Upungufu wa fedha taslimu kwenye droo nao si wa kuegeshwa saspensi kimyakimya. Noti zimehesabiwa na hazipo. Huo ni upungufu wa kuripotiwa na kuchunguzwa.

Hesabu za mwaka zikifika mezani kwa mkaguzi na saspensi ikiwa na salio lisilo na maelezo, hesabu hizo hazijakamilika.