Barua pepe ya shukrani baada ya usaili: litajwe tatizo lililojadiliwa

Barua pepe ya shukrani baada ya usaili wa mwisho wa kitaalamu huwa na uzito pale inapoligusa tatizo lililojadiliwa mbele ya jopo. Ile inayosema tu "asanteni kwa muda wenu" husomwa na kusahauliwa.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Bagamoyo aliyesailiwa na kampuni ya Dar es Salaam inayounda programu za kompyuta. Swali lilikuwa hili: wakala wa soda hupita madukani Zinga, Kerege na Mapinga akiandika oda kwenye simu. Mtandao ukiyumba, simu hutuma oda ileile tena, na duka lililoagiza kreti 10 hupelekewa 20. Msailiwa alipendekeza seva ikatae oda ya pili inayofanana na ya kwanza kwa siku hiyo. Mjumbe akamuuliza, je, duka likimaliza soda mchana na kuagiza kreti nyingine 10? Muda ukaisha kabla hajajibu.

Jioni hiyo angeweza kuandika hivi:

"Ndugu wajumbe, nashukuru kwa usaili wa leo. Nimeendelea kulitafakari swali la oda zinazojirudia. Naona ni bora simu iipe kila oda namba yake ya pekee kabla ya kuituma. Ikitumwa tena, iende na namba ileile. Seva iliyokwisha kuipokea irudishe jibu la awali bila kuandika oda mpya. Oda ya mchana itakuwa na namba nyingine, hivyo itapita. Ningelijaribu kwa kukata mtandao baada ya seva kuandika oda, kabla jibu halijafika kwenye simu. Bado kuna tundu: wakala akiiandika oda upya kwa mkono, itapata namba mpya."

Sentensi ya jaribio ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa inaonyesha mahali kosa linapozaliwa: oda imefika, lakini simu haijui. Kulitaja tundu nako kunaonyesha kwamba mwandishi ameipima hoja yake mwenyewe.

Itumwe siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata, maana jopo huenda likakaa mapema kuamua. Ijibiwe juu ya barua iliyomwalika msailiwa, ili mpokeaji asipate shida kumtambua. Kurasa tatu za programu zilizoambatanishwa huonekana kama mtihani unaorudiwa bila ruhusa, na kuulizia matokeo humo huifanya shukrani ionekane kisingizio.

Kwa nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mambo ni tofauti. Huko wasailiwa hushindanishwa kwa alama, na kumwandikia mjumbe binafsi kwaweza kutafsiriwa kuwa ni kumshawishi. Ni afadhali kunyamaza.