Kapsheni Moja, Mafolowa wa Kila Aina

Leo tunabonga kapsheni, na tunaenda moja kwa moja kwa mtu anauza viatu kwa simu, juu hapo lugha ikikosea unajua mapema: chapaa haiingii.

Tuseme umerauka ngware, ukafika Gikosh bale ikifunguliwa, ukatoka na kamera moja noma: raba ya ngozi, saizi 42, soli bado iko fiti. Unataka kuiachilia na 1,800. Picha ushapiga. Sasa unaandika aje?

Kama wanaokufolo ni mabeshte wa mtaa, Sheng inamaliza kazi:

"Rada wasee? Njumu kamera imetua leo ngware. Saizi 42, ngiri na soo nane, hakuna stori mob. Ingia DM kabla morio mwingine aibebe."

Msee wa Umoja ama Kayole hana haja ya kuelezewa. Anajua kamera ni chaguo la kwanza kwa bale, na hesabu ya soo aliifanya zamani. Hata anaskia ni mtu wake anamuuzia, na hiyo inafanya akuamini.

Lakini wotsap yako iko na mathe, landilodi, wazee wa kanisa na wasee wa job. Hapo unashuka kwa Kiswahili cha kila siku:

"Viatu safi vya mtumba vimefika leo asubuhi. Saizi ni 42, bei ni 1,800. Unaweza chukua tao ama nikutumie. Niandikie ukitaka."

Hakuna mtu amepotea hapo, na hakuna mzee ameskia ni kama unamwita beshte yako. Na usidhani Sheng inaokoa kila kijana pia. Iko na mtaa na iko na umri. Waliokuwa vijana miaka ya tisini waliita noti ya 500 "jirongo", na hiyo ilitoka kwa siasa za kura ya 1992. Leo ukiiandika, ankoo atacheka, lakini dogo wa sekondari atabaki ameshangaa.

Halafu kuna wateja wa Mombasa na Dar, walimu, na ofisi inayotaka jozi kadhaa. Hawa waandikie sanifu:

"Jozi moja ya viatu vya ngozi vya mtumba, saizi 42, inauzwa kwa shilingi 1,800 za Kenya. Havina mchubuko wala kiraka. Vinapatikana katikati ya jiji la Nairobi. Atakayevihitaji atume ujumbe."

Cheki vile "njumu" imetoka. Kwetu ni kiatu chochote, lakini msee wa Dar akiisoma anaona viatu vya kuchezea boli, na anapita. "Kamera" nayo, mtu wa mbali atadhani unauza ya kupiga picha.

Sanifu iko na mtego wake: haipendi nusu nusu. Ukiandika "viatu ya ngozi inauzwa" kwa ile ya kawaida, Nairobi hakuna mtu anashtuka. Lakini ukiiweka kando ya "atakayevihitaji", mtu wa Pwani anaskia mara moja kuna mahali imepasuka. Kama huna uhakika na ngeli, kaa kwa ya kawaida. Hiyo haimkosei mtu heshima.

Utajuaje umechagua vibaya? Soma DM. Watu wakiuliza "bei?" na bei umeandika, lugha imewapita. Wakiuliza tu "uko wapi?", bei imeshika na wanataka kuja.

Ukitaka kutuma zote tatu, gawanya watu. Kwa Instagram weka ile ya Sheng kwa stori ya Close Friends. Kwa wotsap, fungua Status privacy, uchague "Only share with..." na uweke mabeshte peke yao. Lakini kumbuka mtu anaweza piga skrinshoti, kwa hivyo kitu haiwezi onekana na mathe usiiandike hata huko.

Na kama posti ni moja na kila mtu ataiona, weka Sheng kwa salamu, halafu bei, saizi na mahali ziandikwe kwa Kiswahili cha kila siku, na bei kwa namba:

"Rada wasee? Viatu vya ngozi, saizi 42, 1,800, vinapatikana tao. Niandikie."

Instagram hukata kapsheni ndefu na kuificha nyuma ya "more", kwa hivyo bei ikae huko juu. Mtu wa mtaa ameskia salamu yake, mzee amesoma bei yake, na wote wawili wanaweza kulipa bila kukuuliza ulimaanisha nini.