Shuka la pamba hupungua, mnunuzi apime kwanza

Mnunuzi wa mashuka Mabibo, jirani na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichoanzishwa mwaka 1968, huulizwa kwanza ukubwa wa kitanda. Jibu la "tano kwa sita" hutaja futi za kitanda tu, halihesabu unene wa godoro. Godoro la inchi 8 huhitaji shuka lenye urefu wa inchi 100: 72 za kulalia, 16 za kushukia kichwani na miguuni, na 12 za kukunjia chini.

Pamba tupu ikipungua kwa asilimia 5 inapofuliwa mara ya kwanza, inchi 5 hupotea na shuka huchomoka usiku. Hali hiyo hutokea kwa sababu nyuzi huvutwa kiwandani, kisha maji huzilegeza zikarudi. Pamba iliyochanganywa na poliesta hupungua kidogo, lakini huteleza mkononi na hainyonyi maji vizuri, jambo linaloonekana zaidi kwenye taulo.

Kutambua mchanganyiko, uzi mmoja huchomwa: pamba huacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kuhusu rangi, pembe ya kitambaa husuguliwa kwa leso nyeupe yenye maji. Leso ikishika rangi, shuka hilo lifuliwe peke yake.