Kwa nini vifaranga vya samaki hufa njiani, na mfuko wa oksijeni unasaidia vipi

Mfugaji amenunua vifaranga 250 vya sato, kila kimoja kina uzito wa gramu moja hivi. Amewatia kwenye ndoo yenye lita tano za maji, akapanda basi saa nne asubuhi. Kabla hajafika mbali samaki wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema. Akifika nyumbani anakuta wengi wanaelea. Atasema maji yalikuwa machafu, au aliuziwa vifaranga wagonjwa. Mara nyingi sababu ni nyingine: hewa iliyokuwa ndani ya maji imekwisha.

Samaki havuti hewa kama sisi. Anatumia oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. Lakini gesi ina tabia iliyo kinyume na ya sukari. Sukari huyeyuka zaidi chai ikiwa moto, gesi huyeyuka zaidi maji yakiwa baridi. Bandika sufuria ya maji jikoni utaona: muda mrefu kabla hayajachemka, vipovu vidogo hujishika kwenye kuta za sufuria. Huo bado si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka, sasa inafukuzwa na joto. Maji yakipata joto, chembechembe zake na za gesi hutikisika zaidi, na za gesi huchoropoka kwa urahisi kurudi hewani.

Kwa vipimo: usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi ya nyuzi joto 20 inaweza kushika miligramu 9.1 hivi za oksijeni kutoka hewani. Yakifika nyuzi 28 inashika 7.8, na yakifika 32 ni 7.3 tu. Utasema tofauti ni ndogo. Ni ndogo kweli, ila mwili wa samaki hufuata joto la maji, na maji yakipanda nyuzi kumi, matumizi yake ya oksijeni huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo jua la mchana linampiga mara mbili: ghala linapungua huku mlaji akizidi kula.

Turudi kwenye ndoo yetu, maji yakiwa nyuzi 28. Lita tano zina miligramu 39 za oksijeni. Vifaranga wetu wana jumla ya gramu 250. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu, kwamba kilo moja ya vifaranga inatumia nusu gramu ya oksijeni kwa saa. Basi hawa wanahitaji miligramu 125 kwa saa. Gawanya 39 kwa 125: akiba yote ni ya dakika 19 hivi, na samaki huanza kuteseka kabla haijaisha. Ni kweli kwamba hewa nyingine inaingia kupitia uso wa maji, na kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu husaidia sana. Lakini umwage usimwage, maji hayavuki ile 7.8. Hicho ndicho kiwango cha juu kwa hewa ya kawaida.

Je, kiwango hicho kinaweza kupandishwa? Mwaka 1803 mkemia wa Kiingereza, William Henry, alieleza kanuni inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Kwa joto lile lile, kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo yenyewe juu ya maji. Mgandamizo wake ukiwa mara mbili, itayeyuka mara mbili. Ukiwa nusu, itayeyuka nusu.

Zingatia maneno "gesi hiyo yenyewe". Mgandamizo wa hewa unaousikia kwenye utabiri wa hali ya hewa ni wa gesi zote kwa pamoja. Katika kila lita 100 za hewa kavu, oksijeni ni lita 21 hivi, na karibu zote zinazobaki ni naitrojeni. Kwa hiyo mchango wa oksijeni katika mgandamizo huo ni sehemu 21 kwa 100. Naitrojeni inagandamiza kwa ajili yake yenyewe, haisukumi oksijeni iingie majini.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa wazalishaji wa vifaranga. Wanatia maji theluthi moja ya mfuko wa nailoni, wanaweka samaki, wanaukamua hewa yote itoke, kisha wanajaza oksijeni ya mtungi na kufunga kwa mpira. Mgandamizo ndani ya mfuko ni karibu ule ule wa nje, maana nailoni haiwezi kubeba zaidi. Kilichobadilika ni fungu la oksijeni: lilikuwa 21 kwa 100, sasa ni karibu 100 kwa 100. Limeongezeka karibu mara tano, na maji nayo yanaweza kushika karibu mara tano, yaani miligramu 37 kwa lita badala ya 7.8.

Lita zetu tano sasa zina miligramu 185, chakula cha saa moja na nusu. Na juu yake kuna lita kumi za oksijeni, zaidi ya gramu 12, ambazo zinaendelea kuingia majini kadiri samaki wanavyotumia. Ulaze mfuko ubavu ili uso wa maji uwe mpana. Hata mtikisiko wa barabara mbovu, kwa mara moja, una faida.

Kukamua hewa si mapambo. Ukiacha nusu ya nafasi ijae hewa ya kawaida, fungu la oksijeni linakuwa kama 60 kwa 100, na maji yatashika miligramu 22 tu. Mtungi nao uuheshimu: usivute sigara karibu, wala usipake mafuta au grisi kwenye koki yake, kwa sababu oksijeni tupu huchochea moto vibaya.

Mwinuko wa nchi nao umo kwenye hesabu. Mwanza, mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani. Zidisha: ile 7.8 inakuwa 6.8, na ile 37 inakuwa 32. Tena mfuko uliofungwa bondeni huvimba ukipandishwa mlimani, kwa hiyo usijazwe ukakaza kama ngoma.

Oksijeni haitatui kila kitu. Samaki wanatoa kaboni dayoksaidi na uchafu unaogeuka amonia, na safari ndefu huharibikia hapo. Ndiyo maana hawalishwi siku moja kabla ya kusafirishwa. Kambale mkubwa ni habari nyingine, yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, basi asikudanganye kuhusu sato.

Kosa ninalolisikia sana ni kufungua mfuko katikati ya safari "wapate hewa". Ukifungua, oksijeni iliyokuwa juu inachanganyika na hewa ya nje, na ile iliyo majini inaanza kutoka, kama gesi ya soda iliyofunguliwa. Uache umefungwa, ufunike na gunia lililoloweshwa maji, na ukifika uuelelishe bwawani ukiwa bado umefungwa kwa dakika 20 hivi, mpaka joto la ndani na la nje yalingane. Kisha fungua, uwaachie watoke wenyewe.