Ugoko Uliochelewa Kuunga: Swali la Alama 10

Wanafunzi wa utabibu huulizwa swali kama hili: Dereva wa bodaboda wa miaka 28, mvuta sigara, alivunjika ugoko karibu na kifundo, mfupa ukatoboa ngozi. Kidonda kilisafishwa, akafungwa plasta. Wiki ya 20 bado anaumia akikanyaga, na eksirei inaonyesha ufa haujazibwa. Eleza hatua za kuunga kwa mfupa (alama 4) na sababu za mfupa wake kuchelewa (alama 6).

Alama 4 za kwanza ni za bure kwa aliyesoma, moja kwa kila hatua, mradi azipange. Kwanza damu hukusanyika na kuganda penye mvunjiko, pakavimba kwa siku kadhaa. Seli husafisha uchafu na mishipa mipya huanza kuota. Kufikia wiki ya 2 au ya 3, gegedu laini huwa imeshika ncha mbili, lakini haijaweza kubeba uzito. Kisha gegedu hugeuka mfupa mchanga, na hapo ndipo eksirei huonyesha wingu jeupe kuzunguka mvunjiko. Mwisho mfupa hujichonga upya, kazi ya miezi hata miaka.

Alama 6 ndizo zinazowatoa watu jasho. Zinatolewa kwa sababu 3: alama 1 kwa kuitaja, 1 kwa kueleza inavyozuia kuunga. Jibu la mfano ni hili. Sehemu ya chini ya ugoko imefunikwa na ngozi tu, haina nyama ya kutosha, kwa hiyo damu inayoifikia ni kidogo. Ajali ikichana na ngozi, hupungua zaidi. Pili, mfupa uliotoka nje huingiza vijidudu, na usaha huua seli zilizopaswa kujenga. Tatu, nikotini hubana mishipa midogo ya damu.

Anayetaja plasta iliyolegea naye apewe alama, akieleza kwamba kutikisika kupita kiasi huchana mishipa michanga, gegedu isigeuke mfupa. Kisukari, lishe duni na dawa za steroidi ni sababu za kweli pia, ila swali halikuzitaja kwa mgonjwa huyu. Anayeziorodhesha tu apate alama 1 kwa zote. Kwangu huo si uchoyo: tabibu anayekariri orodha bila kumtazama mgonjwa hatamuuliza juu ya sigara.

Ugoko wa mtu mzima kwa kawaida huunga ndani ya wiki 12 hadi 16, ukiwa wazi huchukua zaidi. Kwa hiyo anayeandika kwamba mfupa huu umeshindwa kabisa kuunga amekosea. Kushindwa kwa kawaida hutangazwa baada ya miezi 9, ikiwa picha za miezi 3 ya mwisho hazionyeshi maendeleo yoyote.